Protini imefanya ukungu kwenye dayalisisi? Usimwage, iongezee chumvi kwanza

Mwaka wa kwanza wa masters nilikuwa natoa kingamwili kwenye seramu ya mbuzi, na nilibaki kidogo tu nimwage kazi ya siku tatu kwenye sinki. Naandika hii kwa yeyote anayetumia amonium salfeti kuangusha protini, sababu kosa nililofanya bado naona watu wanalifanya, na kinachouma ni kwamba kosa lenyewe linatokana na kujitahidi kuwa msafi kupita kiasi.

Nianze na kazi yenyewe. Nilikuwa na mililita 20 za seramu, nikaizungusha kwenye sentrifuji kutoa uchafu na mafuta, afu nikaichanganya na PBS, yale maji ya chumvi yenye bafa ya kushikilia pH, kiasi kilekile ikawa mililita 40. Nikaiweka kwenye bika, bika ndani ya barafu, sumaku inazunguka polepole. Nilitaka nifike asilimia 40 ya kushiba. Maana yake ni hivi, maji yakibeba amonium salfeti mpaka hayawezi kubeba tena tunaita hiyo asilimia 100, na kwenye nyuzi 0 lita moja ya maji inameza karibu gramu 700, ni chumvi nyingi sana aisee. Jedwali la nyuzi 0 linasema kutoka 0 kwenda 40 unaweka gramu 226 kwa kila lita, kwahiyo kwa mililita zangu 40 ni gramu 9 na punje kidogo. Angalia jedwali lako ni la nyuzi ngapi, maana la nyuzi 25 linasema 243, na ukilitumia huku uko kwenye barafu utapitiliza bila kujua.

Kwanini 40? Kwasababu kingamwili za IgG zinaanguka mapema, kwenye seramu nyingi ni kati ya 33 na 50, wakati albumini ambayo ndo imejaa kwenye seramu inabaki inaelea mpaka uvuke huko juu ya 50. Ila usiniamini mimi kwa seramu yako, chukua tyubu tano za mililita moja moja, peleka moja 20, nyingine 30, 40, 50, 60, zungusha, afu pima kilichobaki juu na kilichokaa chini. Hiyo asubuhi moja inakuokoa mwezi mzima.

Chumvi unaisaga kwanza kwenye kinu iwe laini, unaweka kidogo kidogo, punje zikishayeyuka ndo unaongeza, mimi natumia kama nusu saa. Ukiimwaga yote kwa mkupuo pale inapotua panakuwa na chumvi kali kuliko ulivyopanga, albumini inaanguka hapohapo na inanaswa ndani ya mashapo. Na usikoroge mpaka povu litoke, protini inayokaa kwenye ngozi ya povu inafumuka na hiyo hairudi tena. Baada ya gramu zote kuingia seramu inakuwa nyeupe kama maziwa ya unga yaliyochanganywa vibaya, unaiacha saa moja au usiku mzima kwenye baridi, afu sentrifuji g 10,000 dakika 15.

Sasa hapo protini imeangukaje? Watu wengi wanadhani imeungua kama yai la kuchemsha, hapana. Salfeti inashika maji kwelikweli, kila ayoni inajizungushia maji yake, na zikiwa nyingi maji ya kuihudumia protini yanapungua. Protini nayo ina mabaka juu yake yasiyopenda maji, yenye tabia ya mafuta, kwahiyo mabaka ya huyu yanatafuta mabaka ya mwenzake, kama macho ya mafuta juu ya supu yanavyokutana yakawa jicho moja kubwa. Zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Umbo lake la ndani halijaguswa, salfeti hata inasaidia kulilinda, ndomaana enzaimu nyingi za kununua zinakuja zimelowekwa kwenye amonium salfeti. Sio chumvi zote zinaweza hivi. Franz Hofmeister kule Prague mwaka 1888 alizipanga chumvi kwa nguvu ya kuangusha protini ya ute wa yai, na salfeti iko upande wa wenye nguvu, kloridi iko nyuma yake.

Haya, mashapo yangu nikayayeyusha kwenye PBS kidogo, kama mililita 8, yakayeyuka freshi, maji yakawa masafi kama chai ya rangi iliyopauka. Nikayatia kwenye mfuko wa dayalisisi, ule wenye vitundu vidogo vinavyopitisha chumvi na kuzuia protini, ili chumvi itoke. Na hapa ndo ujanja wangu ulinigeuka. Nikajiambia nataka chumvi itoke YOTE, kwahiyo badala ya PBS nikaweka mfuko kwenye lita mbili za maji ya kudistili, nikabadilisha maji jioni, nikaenda kulala.

Asubuhi mfuko mweupe! Ukungu mzito, na chini kuna vitu vimetulia kama uji. Nikajua tu protini imekufa. Na mawazo yangu yakawa kwamba bado kuna salfeti imebaki ndo inaiangusha, si ndo tulichofundishwa, chumvi inaangusha protini? Kwahiyo nikabadilisha maji mara ya tatu, ya kudistili tena. Ukungu ukaongezeka.

Kuna mzee fundi wa maabara pale, yuko na hizo kazi tangu sisi hatujazaliwa, akapita akaangalia mfuko.

"Kijana, mfuko uko kwenye nini?"

"Maji ya kudistili, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umezinyima chumvi hizo. Chukua tone uweke chumvi uone."

Mi nikaona ananitania, unawezaje kuongeza chumvi kwenye kitu ambacho chumvi ndo imekiangusha. Nikafanya tu kwa heshima. Mikrolita 100 za ule ukungu kwenye tyubu, nikaongeza mikrolita 3 za NaCl ya mola 5, ambayo inakupa kama mola 0.15, nguvu ya maji ya dripu ya salaini. Nikagonga tyubu kwa kidole, na baada ya dakika kadhaa ikawa safi. Yani unaona kupitia upande wa pili.

Kilichotokea ni hiki. Protini ina sehemu zenye chaji chanya na sehemu zenye chaji hasi, zote ziko juu ya ngozi yake. Kwenye maji matupu hakuna kitu cha kukaa katikati, kwahiyo chanya ya huyu inaiona hasi ya mwenzake vizuri kabisa na zinavutana, na hii inakuwa mbaya zaidi pH ikiwa karibu na pale ambapo chaji zinabalansi, maana hapo hazina hata ile chaji ya jumla ya kuzifanya zisukumane. Ukiweka chumvi kidogo, ayoni zinajipanga kuzunguka hizo sehemu, hasi zinakaa kwenye chanya na chanya kwenye hasi, protini inakuwa imevaa koti la ayoni na jirani haioni chaji yake tena. Mvutano unapungua, protini inatawanyika kwenye maji.

Swali nililomuuliza mzee, na nadhani ndo swali lenyewe hasa, ni kwanini basi chumvi ikizidi inageuka. Jibu ni kwamba hizi ni nguvu mbili tofauti na zote zipo muda wote. Ile ya kufunika chaji inamaliza kazi yake mapema, chumvi kidogo tu ikishaingia chaji zimeshafichwa, ukiongeza nyingine hakuna cha ziada cha kuficha. Ile ya kushindania maji haina mwisho wa haraka hivyo, kila gramu unayoweka inaongeza. Kwahiyo ukichora mstari wa uyeyukaji unapanda mwanzoni, unafika juu, afu unashuka na kushuka. Mimi nilikuwa najua ule upande wa kushuka tu, nikadhani mstari mzima unashuka, kumbe nimeupeleka mfuko wangu upande ule mwingine.

Na sio kila protini inalalamika ukiinyima chumvi. Albumini inayeyuka kwenye maji matupu bila shida. Jina lenyewe la globulini zamani lilitolewa kwa zile zinazogoma kwenye maji matupu na kukubali kwenye chumvi kidogo. Hata kingamwili zangu sio zote ziligoma, ni sehemu yake, nyingine ziliendelea kuelea humohumo.

Kwahiyo ukiona ukungu kabla hujamwaga chochote fanya tyubu mbili. Ya kwanza ongeza NaCl kama nilivyosema. Ya pili ongeza maji kiasi kilekile cha sampuli. Ikisafika ya chumvi, tatizo ni chumvi kupungua. Ikisafika ya maji, bado una salfeti nyingi na dayalisisi haijaisha. Zikigoma zote mbili, hapo pole, uwezekano mkubwa imefumuka, na fikiria povu, joto, au pH. Amonium salfeti inavuta maji kwenda kwenye asidi, ukiitumia bila bafa ya kutosha pH inashuka bila wewe kuona.

Siku hizi dayalisisi yangu ni PBS mwanzo mwisho, lita mbili, nabadilisha mara tatu, na mfuko naacha theluthi moja tupu maana maji yanaingia kwa kasi na mfuko uliojaa unapasuka. Kama lazima niitoe chumvi yote kwa ajili ya hatua inayofuata, naitoa dakika ya mwisho na naangalia kwa macho. Na usipime protini kwa BCA, kile kipimo cha rangi kinachotumia shaba, kabla salfeti haijaisha, amonium inaishika ile shaba na namba zitakudanganya.

Watu wananiuliza kama wanaweza kutumia SA ya duka la pembejeo, ni (NH4)2SO4 ileile si ndio? Ndio ni ileile, ila ya mbolea ina uchafu wa metali na enzaimu nyingi hazipendi hizo. Kwa kujifunza mkono sawa, kwa sampuli yako ya tasnifu hapana.

Kama huna maabara na unataka kuona ule upande wa kupanda, chukua ute wa yai moja, mimina kwenye maji ya kudistili, yale ya betri yasiyo na asidi yanafaa, mara tano ya ute, koroga taratibu. Unakuwa na ukungu. Weka chumvi ya mezani kidogo kwa ncha ya kijiko uone unavyopungua. Zitabaki nyuzi nyuzi, hizo ni ovomusini, usihangaike nazo.