Spishi 19 shambani, 17 msituni: usiandike hitimisho bado

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa binti anayesoma shahada ya uzamili, yuko upande wa Fort Portal. Amekuwa akitega vipepeo sehemu mbili: ndani ya msitu wa Kibale, na kwenye mashamba ya matoke na kahawa nje ya mpaka wa hifadhi. Idadi ya mitego ni ile ile pande zote, siku ni zile zile, na chambo ni ndizi tamu za bogoya zilizochachushwa kwenye jerikeni moja. "Mwalimu," ameandika, "shambani nimepata spishi 19, msituni 17. Msimamizi wangu anasema niandike kwamba kilimo hakijawaathiri vipepeo. Niandike?"

Usiandike, mwanangu. Bado.

Swali hili linanichoma, na sitaficha. Miaka ya nyuma niliajiriwa kutega wadudu kwa ajili ya tathmini ya athari za mazingira. Nilikabidhi jedwali zima: spishi kwa spishi, mtego kwa mtego. Mshauri aliyeniajiri akachukua mstari mmoja tu, ule wa jumla ya spishi, na ripoti ikatoka ikisema eneo lililofyekwa "lina utajiri wa wadudu kuuzidi msitu". Jina langu likawekwa kwenye kiambatisho kama vile nimekubali. Nilipopiga simu kulalamika nikajibiwa kwamba wateja hawasomi majedwali. Wengine wakaniona mbishi wa hesabu. Sawa. Leo baadhi yao ndio wananitumia majedwali yao usiku wa manane niwapitishie macho kabla hawajayapeleka.

Kwa hiyo nilimwambia binti yule jambo moja: nitumie idadi ya kila spishi, usinitumie jumla. Akatuma. Namba zilizo hapa nimezirahisisha kidogo ili hata mwenye kalamu na karatasi azipige, lakini sura yake ni ile ile. Msituni alinasa vipepeo 60. Shambani 240.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mtego ukinasa wengi zaidi, utakuta na spishi nyingi zaidi, hata kama jamii yenyewe ya vipepeo si tajiri zaidi. Ni kama kuchota maharage mchanganyiko sokoni: aliyejaza ndoo ataona rangi nyingi kuliko aliyejaza kikombe, hata kama gunia ni moja. Swali la haki basi ni hili: laiti shambani nako angenasa vipepeo 60 tu, angeona spishi ngapi? Hesabu hiyo haihitaji kurudi shambani. Kwa kila spishi unatafuta uwezekano wa kuwemo kwenye 60 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka 240, kisha unajumlisha. Spishi iliyonaswa mara moja ina uwezekano wa 60 kwa 240, yaani 0.25. Iliyonaswa mara mbili ina takriban 0.44. Yenye vipepeo 118 haiwezi kukosekana. Kwa programu ya takwimu ya R ni mistari michache:

```r
library(vegan)
msitu  <- c(12,9,8,6,5,4,3,2,2,2,rep(1,7))
shamba <- c(118,38,22,14,10,8,6,5,4,3,2,2,2,rep(1,6))
rarefy(shamba, 60)
exp(diversity(msitu))
exp(diversity(shamba))
```

Jibu la mstari wa nne ni takriban 11.5. Kwa vipepeo 60 kwa 60, msitu una spishi 17 na shamba lina 11 au 12. Mshindi amegeuka.

Lakini msikimbie na hilo nalo. Ile 19 dhidi ya 17 si uongo. Inajibu swali jingine. Inasema kwamba kwa juhudi ile ile ya mitego, shambani unakutana na spishi nyingi kidogo, kwa sababu unakutana na vipepeo wengi mara nne. Anayetaka kujua ndege wanaokula wadudu watapata chakula kiasi gani, idadi hiyo inamhusu. Anayetaka kujua jamii ya vipepeo imepangika vipi, anahitaji ile ya 60 kwa 60. Ninachokataa ni mtu kupima la kwanza na kuandika hitimisho la pili.

Sasa twende kwenye kipimo cha uanuwai cha Shannon, kinachoandikwa H', maana huko ndiko watu wanakojifunga kamba. Msitu unatoa H' ya 2.46, shamba 1.82. Nimesoma tasnifu nyingi zinazoishia hapo: "tofauti ya 0.64, uanuwai umepungua kwa asilimia 26." Hiyo asilimia haina maana yoyote. H' ni logi. Huwezi kuichukulia asilimia kama unavyochukulia asilimia ya vipepeo. Irudishe kwenye spishi kwanza, kwa kuipandisha kwenye e. Msitu: 11.7. Shamba: 6.2. Maana yake, msitu una uanuwai wa jamii yenye spishi karibu 12 zinazolingana kabisa kwa wingi, na shamba la spishi 6 hivi. Kupungua ni karibu nusu. Njia hii ya kuvigeuza vipimo kuwa spishi aliieleza Mark Hill tangu mwaka 1973, na bado kuna wasimamizi wanaoiona kama mapambo.

Ukitumia kipimo cha Simpson kilichogeuzwa, yaani moja kugawanya kwa jumla ya mraba wa sehemu ya kila spishi katika vipepeo wote, pengo linapanuka: 9.1 msituni, 3.5 shambani. Weka namba za shamba kwenye mstari: 19, 6.2, 3.5. Tazama zinavyoporomoka. Spishi zote zikihesabiwa sawa ni 19. Uzito ukienda kwa zilizo za kawaida zinabaki 6. Ukienda kwa zinazotawala zinabaki 3 na nusu. Za msitu ni 17, 11.7, 9.1, zinateremka taratibu. Mteremko huo ndio habari yenyewe: shambani spishi moja peke yake ni vipepeo 118, karibu nusu ya wote. Na jambo dogo linaloharibu ulinganisho na tasnifu za wengine: hakikisha logi yenu ni moja. H' ya 2.46 kwa logi asilia inakuwa 3.55 kwa logi ya msingi wa 2, na nimeona mtu akishangilia tofauti hiyo kama ugunduzi.

Nikamuuliza binti: hao 118 ni nani? Akasema *Bicyclus safitza*, yule wa kahawia anayependa maeneo ya wazi na nyasi, ambaye ukifungua mtego anakimbilia juu ya wavu badala ya kutoka chini. Swali la pili: uliwatia alama? Kama unawaachia bila nukta ya kalamu kwenye bawa, kipepeo yule yule anaweza kurudi kesho kwa bogoya ile ile, na 118 ikawa vipepeo 70 waliozoea chakula cha bure. Alikuwa amewatia alama, na waliorudi hakuwahesabu tena. Nilifurahi sana, maana wengi hawafanyi hivyo.

Sasa sehemu ambayo wapenda msitu wenzangu hawataipenda. Msituni spishi 7 kati ya 17 zilinaswa mara moja tu. Gawanya 7 kwa 60, toa kwenye moja: sampuli imegusa kama asilimia 88 ya jamii inayonaswa na mitego hiyo. Shambani ni 6 kwa 240, hivyo asilimia 97.5. Kwa hiyo msitu ndio ambao haujamalizika kuhesabiwa. Kipimo cha Chao1 hukadiria zilizobaki kwa kutumia waliopatikana mara moja na mara mbili: msituni 17 jumlisha 49 kugawanya kwa 6, shambani 19 jumlisha 36 kugawanya kwa 6. Majibu ni 25.2 na 25. Sawasawa! (Amri ya `estimateR` hutumia fomyula iliyosahihishwa, inatoa 22.25 na 22.75, hadithi haibadiliki.)

Je, sasa msitu na shamba vina spishi sawa? Hapana, na wala huwezi kusema vimetofautiana. Chao1 ni sakafu, si dari: inasema "angalau". Kwa spishi 3 tu zilizopatikana mara mbili kila upande, kosa la makadirio ni pana kiasi kwamba kipepeo mmoja zaidi angeisogeza namba kwa hatua nzima. Data hii inaonyesha kwa nguvu kwamba shamba limetawaliwa na wachache. Kuhusu jumla ya spishi zilizopo, haina nguvu ya kuamua, na mtafiti mwaminifu anaandika hivyo hivyo bila aibu.

Kuna vitu viwili zaidi ambavyo hakuna fomyula inayoviona. Mitego yake yote ilining'inizwa kama mita moja kutoka ardhini. Msituni vipepeo wengi wa jamii ya *Charaxes* huruka juu kwenye vilele vya miti; mtego wa chini hauwapati ipasavyo. Shambani hakuna vilele hivyo, kwa hiyo wa juu na wa chini wote wanapita pale pale kwenye sahani ya bogoya. Yaani msitu ulipimwa ghorofa ya chini tu, shamba likapimwa nyumba nzima. Upande wa pili, shamba la matoke lina matunda yanayooza yenyewe chini ya migomba, na hayo yanashindana na chambo. Makosa hayo mawili yanavuta pande tofauti, na huwezi kudhani yamefutana.

La mwisho ni majina. Kati ya 17 na 19, spishi 6 tu zilikuwa pande zote mbili. Jumla alinasa spishi 30, na 11 kati yake zilipatikana msituni pekee, zikiwemo *Euphaedra* wanaohitaji kivuli. Vipimo vyote nilivyotaja vingetoa jibu lile lile hata kama spishi zote zingekuwa zile zile au zote tofauti. Vinahesabu, havisomi majina. Sikatai kwamba baadhi ya hizo 11 zilinaswa mara moja tu na huenda shambani zipo, lakini ukificha orodha hiyo kwenye kiambatisho umeficha jambo lenyewe.

Kama mfuko unaruhusu, apandishe nusu ya mitego ya msituni kwenye vilele msimu ujao, na ahakikishe ana maeneo kadhaa ya msitu na ya shamba yaliyoachana, maana mitego kumi kwenye njia moja bado ni sehemu moja. Kama hauruhusu, sentensi niliyomtumia ni hii, na nanyi mnaweza kuichukua: "Kwa juhudi sawa ya mitego ya chini, shambani zilinaswa spishi 19 na msituni 17, kwa idadi sawa ya vipepeo 60, msitu ulikuwa na spishi 17 na shamba takriban 11.5, uanuwai linganifu wa Shannon ulikuwa spishi 11.7 msituni na 6.2 shambani, spishi 6 kati ya 30 zilipatikana pande zote mbili, vilele vya miti havikupimwa." Msimamizi akiuliza mbona ndefu, mwambie ile fupi ilishaandikwa na mtu mwingine, kwa jedwali langu.