Kabla Hujaandika Insha Yako ya Kwanza Kuhusu Maadili ya Utunzaji

Nimesahihisha insha za wanafunzi wa falsafa hapa Kisumu kwa miaka kadhaa sasa, na inapofika mada ya maadili ya utunzaji, kosa ninalolikuta mara nyingi ni lile lile: kurasa nne za kuisifu huruma, kisha basi. Nawaandikia ninyi mnaoanza somo hili ili msiingie njia hiyo. Nadharia hii haituombi tuwe wapole. Inatoa dai kwamba maadili yanaanzia pale mtu anapomtegemea mwingine, na dai hilo lina wapinzani.

Wapinzani wenyewe ni wakubwa. Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Cive, alitutaka tuwawazie wanadamu kana kwamba wamechipuka ardhini kama uyoga, wakakomaa bila kuwa na wajibu wowote kwa wenzao. John Rawls alijenga nadharia yake ya haki kwa kuwawazia raia wanaoweza kushirikiana na wenzao kikamilifu maisha yao yote. Ukianza na watu wa namna hiyo, maadili yanakuwa makubaliano baina ya watu wazima walio sawa. Mtoto mchanga, mgonjwa na mkongwe unawafikiria baadaye, kama tatizo la pembeni.

Mwanafalsafa Eva Feder Kittay, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1999, aliugeuza mwanzo huo: alianza na mtu anayewategemea wengine. Binti yake, Sesha, ana ulemavu mkubwa na anahitaji mtu wa kumhudumia kila siku. Kittay hakuandika kuhusu mapenzi ya mama na mtoto tu. Aliandika pia kuhusu mwanamke aliyeajiriwa kumhudumia Sesha kwa miaka mingi. Nawashauri msimame hapo kwa muda, kwa sababu kwa maoni yangu ndipo palipo na kiini cha nadharia nzima: wategemezi si mmoja, ni wawili.

Huu hapa mfano ninaoutumia darasani. Nyanya mmoja anaishi Nyalenda. Amepata kiharusi, upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Alilazwa Jaramogi, ile hospitali ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka 22, alikuwa akiuza omena soko la Kibuye. Wajomba wawili wako Nairobi na hutuma pesa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Familia imekubaliana kwamba mjukuu ndiye atakayekaa na nyanya.

Sasa fuateni kazi yenyewe. Nyanya anapaswa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia, la sivyo atatokwa na vidonda kwenye nyonga na visigino. Dawa za presha hazirukwi hata siku moja. Chakula ndicho kigumu zaidi. Mjukuu, kwa mapenzi kabisa, anaufanya uji kuwa mwepesi ili umezeke kirahisi. Nyanya anakohoa, macho yanamtoka machozi, na siku ya tatu anafunga mdomo kabisa. Jirani anasema mzee amekuwa mkaidi. Muuguzi wa kliniki anaeleza kinyume: baada ya kiharusi, kitu chepesi mara nyingi ndicho kinachopotea njia na kuingia kwenye mapafu. Anashauri uji uwe mzito, mgonjwa aketishwe wima, kijiko kidogo kiingizwe upande wenye nguvu, na asubiriwe ameze kabla ya kijiko kingine.

Joan Tronto, katika kitabu chake cha mwaka 1993, aligawa utunzaji katika hatua nne: kuliona hitaji, kulibeba kama jukumu lako, kuifanya kazi yenyewe, na kuona jinsi anayetunzwa anavyoipokea. Mfano wetu unaonyesha kwa nini mgawanyo huo una faida. Wajomba wamebeba jukumu, lakini kutuma pesa si kumgeuza mtu kitandani. Tronto mwenyewe anasisitiza tofauti hiyo. Mjukuu aliifanya kazi, ila alikosa ujuzi, na katika nadharia hii ujuzi ni suala la kimaadili. Nia njema iliyomkaba mgonjwa koo haijatimiza wajibu wake. Halafu ule mdomo uliofungwa ulikuwa jibu. Asiyeweza kusema alisema, na aliyemwita mkaidi alishindwa katika hatua ya nne. Ukiandika insha, onyesha ni hatua ipi iliyovunjika na ulijuaje. Usiishie kusema “hakukuwa na upendo”, kwa maana hapa upendo ulikuwapo tele.

Sasa turudi kwa Kittay. Kabla ya kiharusi, mjukuu alikuwa na mtaji wake mdogo na wateja wake. Miezi michache baadaye mtaji umeliwa na wateja wamehamia kibanda cha jirani. Sabuni anaomba, nauli anaomba. Pesa zikichelewa Nairobi, hawezi kugoma kama mfanyakazi mwingine, kwa sababu akigoma atakayeumia ni nyanya, si wajomba. Huo ndio utegemezi wa pili: anayemhudumia mtegemezi anakuwa mtegemezi wa wanaoshika pesa, na uwezo wake wa kudai haki unapungua kwa sababu ile ile kwamba anawajibika. Nadharia inayoanza na watu wazima walio sawa itasema mjukuu alikubali, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Kittay angetuuliza alikuwa na nafasi gani ya kukataa.

Nyanya hawezi kumlipa mjukuu, na hakuna anayemtaka amlipe. Kittay anapendekeza mzunguko mwingine. Anatumia mfano wa mzazi aliyetoka kujifungua: yeye anamtunza mtoto, na mtu wa tatu anamtunza yeye ili aweze kumtunza mtoto. Deni halirudi kwa mtoto. Linabebwa na walio kando.

Hapa wengi wenu mtataka kuandika kwamba Waafrika tumeyajua haya tangu zamani, kwamba ukoo hubeba wote. Nawasihi mwe waangalifu. Neno “ukoo” laweza kuficha swali la ni mkono wa nani unaoshika kijiko usiku, na jibu mara nyingi ni binti ambaye hakuulizwa. Huo ndio ukosoaji mzito zaidi dhidi ya nadharia hii, kwamba inaweza kugeuzwa wimbo wa kuwasifu wanawake huku wakichoka. Carol Gilligan aliliona tangu mwaka 1982: kwake, utunzaji uliokomaa ni ule ambao mwanamke anajihesabu naye miongoni mwa wanaostahili kutunzwa. Nel Noddings, aliyeandika mwaka 1984, anaeleza vizuri sana uhusiano wa wawili, ila namwona dhaifu anapoachwa peke yake mbele ya mfano wetu, kwa sababu mtu wa tatu haonekani vizuri.

Kwa insha yenu, anzieni na sheria tuliyo nayo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia yake na Serikali. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo zinaandikwa kwa jina la nyanya. Andikeni ni nini kinachomfikia mjukuu, kutoka kwa nani, na kama Kittay angekubali kuiita hiyo haki.