Slaidi 12, madai 50: kukagua wasilisho la kuomba fedha kabla mwekezaji hajalikagua

Chukua wasilisho la slaidi 12 linaloomba shilingi milioni 300 za kujenga vyumba kumi vya baridi vya kuhifadhia nyanya Ilula, mkoani Iringa. Wasilisho hili tumelibuni kwa ajili ya makala haya, ila sentensi zake ni za aina ambayo mtu yeyote anayesoma maombi ya fedha hukutana nayo. Slaidi ya 2: "Asilimia 40 ya nyanya huoza kabla ya kufika sokoni." Slaidi ya 5: "Chumba chetu hupunguza upotevu kwa asilimia 80." Slaidi ya 7: "Wakulima 500 wanatumia huduma yetu." Slaidi ya 10: "Kila chumba kinaingiza shilingi milioni 30 kwa mwaka na kurudisha gharama zake ndani ya miezi 12."

Kazi ya mkaguzi si kuamua kama biashara hii ni nzuri. Kazi yake ni kutenganisha kinachojulikana na kinachotarajiwa, kisha kuandika kwa kila dai ni karatasi gani itakayolisimamisha.

Kwanza, lichane wasilisho vipande vipande

Fungua jedwali tupu. Pitia slaidi moja baada ya nyingine na uhamishe kila dai kwenye mstari wake, kwa maneno yale yale yaliyoandikwa. Usifupishe wala usilainishe, kwa sababu tatizo mara nyingi limo ndani ya neno moja. Sentensi yenye "na" katikati huwa ni madai mawili: ile ya slaidi ya 10 inadai kipato na pia inadai muda wa kurudisha gharama, kwa hiyo inapata mistari miwili. Vichwa vya slaidi navyo ni madai. Grafu ni dai. Nembo ya halmashauri iliyobandikwa chini ya "Washirika wetu" ni dai zito kuliko aya nzima, na ushahidi wake ni barua au makubaliano yaliyotiwa saini. Picha ya pamoja na ofisa kilimo haitoshi. Ukimaliza, usishangae slaidi 12 zikikupa mistari 50.

Kiswahili kina vichaka vyake vya kufichia, na inafaa kuvijua. Cha kwanza ni kitenzi kisicho na mtendaji: "inakadiriwa", "imebainika", "inaaminika". Kila ukikiona, andika pembeni: nani alikadiria, lini, kwa njia gani? Cha pili ni "hu-". Ukiandika "nyanya huoza" au "chumba hupunguza", kiambishi hicho kinaondoa wakati, na dai linageuka kuwa tabia ya dunia. Jaribu kuigeuza sentensi iwe na "-li-": "Chumba kilipunguza upotevu kwa asilimia 80." Papo hapo maswali yanajitokeza yenyewe: kilipunguza lini, wapi, kwa nyanya za nani? Kama mwandishi hawezi kuandika sentensi hiyo kwa "-li-" bila kusema uongo, basi hana kipimo; ana tumaini.

Asilimia 40 imetoka wapi?

Namba ya nje ifuatilie mpaka chanzo chake cha mwanzo. Ripoti ikinukuu ripoti nyingine, endelea kurudi nyuma mpaka umfikie aliyepima. Kwa upotevu wa chakula, njia hiyo mara nyingi inaishia kwenye makadirio ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2011: kwamba takriban theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya binadamu duniani hupotea au hutupwa. Makadirio hayo yanahusu vyakula vyote, dunia nzima, na yanajumuisha hata chakula kinachotupwa jikoni na mezani. Mwaka 2019 FAO hiyo hiyo ilitoa kipimo chembamba zaidi, cha kinachopotea baada ya mavuno mpaka kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja, na kikawa kama asilimia 14 ya thamani ya chakula.

Namba mbili, shirika moja, na hakuna hata moja inayozungumzia nyanya za Ilula. Nyanya huharibika kuliko mahindi, kwa hiyo inawezekana kabisa upotevu wake ni mkubwa kuliko asilimia 14. Ila "inawezekana" haijengi slaidi ya 2.

Andika ushahidi unaohitajika hivi: kupima uzito wa shehena 30, kila moja mara tatu, yaani shambani, wakati wa kupakia na wakati wa kushusha sokoni Dar es Salaam, kwa mizani zilizohakikiwa, nusu ya shehena wakati wa mvua na nusu wakati wa kiangazi. Kabla ya kupima, amueni "kupotea" ni nini. Nyanya iliyotupwa imepotea. Iliyopondeka ikauzwa nusu bei haijapotea kwa kilo, imepotea kwa shilingi. Ukichanganya hizo mbili unapata asilimia kubwa ya kuvutia ambayo mfanyabiashara yeyote wa nyanya ataivunja kwa swali moja.

Shehena 30 hazitakuambia hali ya Tanzania nzima, na slaidi isidai hivyo. Zitakuruhusu kuandika: "Katika shehena 30 tulizopima kati ya mwezi fulani na fulani, kilo kadhaa kati ya kila 100 zilitupwa kabla ya kuuzwa." Sentensi hiyo haina makuu, lakini hakuna wa kuing'oa.

Asilimia 80 na nani aliyesababisha

Dai la slaidi ya 5 ni gumu zaidi kwa sababu linataja sababu. Kosa la kawaida ni kulinganisha kabla na baada: Machi kabla ya chumba, Julai baada ya chumba. Machi barabara za shambani ni tope na mvua inaozesha. Julai Iringa ni baridi na kukavu. Hata mti wa mwembe ungeonekana umepunguza upotevu.

Kinachohitajika ni ulinganisho wa siku moja. Mkulima yule yule, mchumo ule ule, kreti zigawanywe kwa bahati nasibu: nusu ziingie chumbani, nusu zikae kivulini kama kawaida. Pimeni zilizoharibika siku ya 3 na siku ya 7. Rudieni kwa wakulima wasiopungua 10, na muwaandike wote, hata yule ambaye kwake matokeo yalikuwa mabaya.

Kwenye slaidi hiyo hiyo kuna maandishi madogo: "nyuzi joto 4 tu." Hapo mkaguzi asimame. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 hivi inadhurika kwa baridi: haiivi vizuri, rangi inakuja kwa mabaka, ngozi inabonyea, na ikitoka nje inaoza upesi. Ikiwa wakulima wanachuma nyanya zinapoanza tu kubadilika rangi ili zistahimili safari, nyuzi 4 si sifa, ni hitilafu. Inawezekana chumba kinaendeshwa kwa nyuzi 12 na aliyetengeneza slaidi alinakili namba ya friji ya maziwa. Ushahidi unaohitajika ni kumbukumbu za kipimajoto cha ndani kwa siku 30 mfululizo, pamoja na hali ya nyanya siku tatu baada ya kutoka chumbani, kwa sababu madhara ya baridi mara nyingi huonekana baada ya kutoka.

Na angalia hesabu ya asilimia. Kutoka kilo 25 zilizoharibika kwa kila 100 hadi kilo 5 ni punguzo la asilimia 80 kweli. Kutoka kilo 5 hadi kilo 1 nako ni asilimia 80. Andika namba zote mbili za mwanzo na mwisho, msomaji atapunguza mwenyewe.

Wakulima 500 wa aina gani?

Hili linamalizwa na rekodi za malipo. Omba orodha ya miamala ya simu na stakabadhi, kisha uhesabu makundi matatu: waliosajiliwa, waliolipa angalau mara moja, na waliolipa mara mbili au zaidi katika siku 90 zilizopita. Tuseme unapata 500, 212 na 64. Neno "wanatumia" ni la hao 64. Wale 500 "wamejisajili". Namba ya 64 si aibu. Anayerudi kulipa mara ya pili anathibitisha kitu ambacho jina kwenye daftari la mkutano wa kijiji haliwezi kuthibitisha.

Dai linalojiua lenyewe

Mengine hayahitaji kwenda shambani. Kikokotoo kinatosha, ndiyo maana tunashauri hesabu za ndani zikaguliwe kabla ya kutuma mtu yeyote kutafuta ushahidi. Slaidi ya 6 ya wasilisho hili inasema chumba kinabeba kreti 200 na ada ni shilingi 500 kwa kreti kwa siku. Slaidi ya 8 inasema msimu ni siku 210. Kikijaa kila siku bila kukosa, chumba kinaingiza shilingi 100,000 kwa siku, yaani milioni 21 kwa msimu. Slaidi ya 10 inadai milioni 30. Ili zipatikane, chumba kijae pomoni siku 300, ambazo msimu hauna.

Ukiweka ujazo wa asilimia 60, kipato kinashuka hadi milioni 12.6, kabla ya umeme, mlinzi na matengenezo. Chumba kinachogharimu milioni 30 kukijenga basi hakirudishi gharama zake hata kwa miaka miwili. Huu ndio mstari wa kwanza kwenye orodha yako, kwa sababu ombi lote la milioni 300 limeegemea hapo. Dai la "hatuna mshindani" linaweza kusubiri; lifute tu, maana mshindani ni kivuli cha mti na dalali anayelipa leo.

Orodha unayokabidhi

Kila mstari uwe na mambo haya: namba ya slaidi, maneno halisi, ushahidi uliopo, ushahidi unaohitajika, nani anautafuta na mpaka lini, na sentensi mbadala iwapo hautapatikana. Hicho cha mwisho watu hukiruka, na bila hicho dai bovu linabaki kwenye slaidi "kwa muda" mpaka siku ya kikao. Mfano:

- Slaidi 7. "Wakulima 500 wanatumia huduma yetu." Kilichopo: daftari la usajili. Kinachohitajika: miamala ya siku 90, imehesabiwa kwa namba za simu zisizojirudia. Mhusika: mhasibu, siku 3. Mbadala: "Wakulima 500 wamejisajili, malipo bado yanahakikiwa."

Makadirio ya miaka ijayo yaruhusu yabaki, ila kila moja liandikwe pamoja na dhana zake: ujazo, ada, idadi ya siku. Kikao cha ukaguzi kifanywe na mtu ambaye hakuandika wasilisho. Yeye anasoma dai kwa sauti, na mwandishi anajibu kwa kufungua faili tu. "Nilisoma mahali" inahesabiwa kuwa hakuna.

Faili za ushahidi zipe majina yanayoanza na namba ya slaidi. Na mtu akihamisha slaidi au kugusa namba yoyote baada ya ukaguzi, mistari inayohusika inarudi kwenye "haijathibitishwa", hata kama alibadilisha 64 kuwa "takriban 70".