Fumbo la korosho katika ubeti wa kumtania wifi

*Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Mikindani. Kaka yangu anaoa, nami nimetunga taarab ya kumtania wifi. Mwimbaji anasema ubeti haukai, na shangazi anasema huo si utani, ni kusema mtu. Nirekebishe wapi?*

*Wifi yangu una pupa, mume umemkimbilia,*
*Moyo wako umetapa, bila kusubiri pia,*
*Mahari umeshapewa, harusi imewadia.*

Marahaba. Mwimbaji na shangazi wote wana haki, ila kila mmoja ameshika kosa lake.

Umetunga tathlitha, mishororo mitatu, na kila kipande kinataka mizani 8. Hesabu "mume umemkimbilia": mu-me-u-me-m-ki-mbi-li-a. Ni 9, na aliyekuponza ni hiyo "m" inayosimama peke yake, maana nayo ni silabi. Mwimbaji akipungukiwa na silabi huvuta irabu, mambo yakaenda; ikizidi, hubidi aimeze, na hapo ndipo anapojikwaa. Vina vya mwisho vimekaa, lakini vya kati ni pa, pa, halafu wa. Na hiyo "pia" imekuja kuziba pengo tu, haina kazi nyingine.

Kosa alilolishika shangazi ni kubwa zaidi. Umetaja pupa, mume na mahari waziwazi, kwa hiyo wifi hana pa kujificha, na mahari inawagusa hata wazazi wake. Utani unataka pazia. Wewe uko Mtwara, pazia umelikalia: korosho. Nani huko hajui kwamba ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza midomo? Mimi ningesema hivi:

*Korosho ndani ya ganda, ina moto wa mafuta,*
*Wifi japo waipenda, usithubutu kung'ata,*
*Usije pata vidonda, mdomoni ukajuta.*

Vina ni nda katikati na ta mwishoni. Hesabu "mdomoni ukajuta": m-do-mo-ni-u-ka-ju-ta, 8, na "m" imo. Lakini "ng'a" katika kung'ata ni silabi moja, usiipasue.

Sasa tazama fumbo. Kila neno ni kweli kwa korosho yenyewe, hata mtu akiisikia shambani. Neno "wifi" peke yake ndilo linalofungua mlango, na haraka ya bi harusi inaonekana bila kutajwa. Ubeti unaofuata ubaki humohumo kwenye korosho: kikaango, moshi, kubangua. Ukirukia jahazi au waridi, pazia linachanika, msikilizaji anaanza kutafuta upya nani ni nani.

Kabla ya harusi, mwimbie mtoto wa miaka minane, kisha shangazi. Mtoto akikwambia wimbo ni wa korosho na shangazi akaficha mdomo kwa kanga, mpelekee mwimbaji. Mtoto naye akicheka, rudi ukafunike.