Chumvi ya shaba iliyokauka ikawa unga mweupe: kosa liko wapi?

*"Nilichanganya oksaidi ya shaba na asidi ya salfuriki, oksaidi ikayeyuka yote, kisha nikapasha mmumunyo mpaka maji yakaisha. Sikupata fuwele za buluu, nimepata unga mweupe, na kwa chini una unyevu usiokauka. Nimekosea wapi?"*

Yako makosa mawili, na la kwanza lilitokea kabla hujaanza kuvukiza. Oksaidi ilipoisha yote, ilikuwa ni dalili kwamba asidi imebaki. Asidi ya salfuriki haiondoki pamoja na mvuke wa maji, bali hukolea kadiri maji yanavyopungua, na huo ndio unyevu unaouona. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya vivyo hivyo, nikaweka fuwele zangu zenye majimaji juu ya karatasi ya chujio mahali penye joto. Kesho yake karatasi ilikuwa ya kahawia na ikavunjika nilipoigusa, kwa sababu asidi iliyokolea ilikuwa imeiunguza.

Kwa hiyo kinachopaswa kuzidi ni oksaidi, kwa kuwa haimumunyiki katika maji na inaweza kuondolewa kwa kuchuja, ilhali asidi iliyozidi haichujiki. Chukua sentimita za ujazo 25 za asidi yenye ukolezi wa moli 1 kwa lita. Humo mna moli 0.025, na kwa mlinganyo CuO + H2SO4 → CuSO4 + H2O zinahitaji gramu 2 hivi za oksaidi. Mimi hupima gramu 2.5. Vaa miwani ya kinga, pasha asidi polepole bila kuichemsha, kisha tia oksaidi kidogo kidogo huku ukikoroga kwa fimbo ya kioo, na usiongeze nyingine mpaka iliyotangulia imemumunyika. Mmumunyo utageuka buluu. Utajua asidi imekwisha pale unga mweusi utakapobaki chini ya bika hata baada ya kukoroga na kupasha kwa dakika kadhaa zaidi. Usitegemee litimasi hapa, kwa maana mmumunyo wa salfeti ya shaba wenyewe una uasidi kidogo na utaigeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu hata kama asidi yote imetumika.

Ukitumia kabonati ya shaba badala ya oksaidi, joto halihitajiki, na mapovu ya kaboni dayoksaidi yatakuonyesha mwendo wa kazi. Itie kwa uangalifu, kwani povu hupanda haraka na kufurika. Mapovu yakikoma na unga wa kijani ukabaki, umefika.

Chuja mmumunyo ukiwa bado na joto, na ukiona weusi wowote umepita, chuja tena, maana punje hizo zitanaswa ndani ya fuwele.

Kosa la pili ni kuvukiza mpaka pakauka. Fuwele za buluu ni CuSO4·5H2O. Kila sehemu moja ya chumvi imeshikamana na sehemu tano za maji, na joto kali huyafukuza maji hayo, ukabaki unga mweupe. Vukiza basi mpaka ujazo upungue kiasi tu, ukipima kwa kuchovya fimbo ya kioo na kuitoa ipoe. Fuwele ndogo zikitokea kwenye fimbo, zima moto. Kwa kiasi nilichotaja, hilo hutokea maji yakiwa yamebaki sentimita 10 hivi. Acha bakuli lipoe bila kuguswa, kwa saa nyingi au usiku kucha, kwani likipoa haraka fuwele huwa ndogo mno.

Usishangae ukipata pungufu. Oksaidi ikizidi, asidi yako ingetosha kutoa gramu 6.2 za fuwele, lakini kwenye nyuzi joto 20 gramu 100 za maji huhifadhi gramu 32 hivi za fuwele hizo. Kwa hiyo sentimita 10 za maji hubakiza takriban gramu 3 zisizojitenga. Mwaga kimiminika hicho kwenye chombo cha taka za shaba, wala si kwenye sinki, suuza fuwele kwa maji baridi machache sana yaliyokenekwa, kisha zikaushe kati ya karatasi mbili za chujio bila moto.

Unga wako haujaharibika. Acha bakuli lipoe kabisa kwanza, kwani humo mna asidi iliyokolea. Pima maji baridi yaliyokenekwa, sentimita 25 hivi, katika bika, kisha hamishia unga humo kidogo kidogo huku ukikoroga, usimimine maji juu yake. Rangi ya buluu itarudi. Pasha polepole, ongeza oksaidi mpaka weusi ubaki, uchuje, na uendelee kuanzia hapo.