Kujibu swali la mkasa: anza na tarehe

"Kaka, sheria naijua, mbona maswali ya mikasa napata alama ndogo?"

Mdogo wangu, usianze kwa kumwaga notisi. Tafuta kwanza ubishi uko wapi. Chukua huu: Juma anamwandikia Asha barua yenye ofa ya kumuuzia pikipiki. Jumapili anaposti barua ya kufuta ofa. Jumatatu Asha anaposti barua ya kukubali. Barua ya Juma inamfikia Asha Jumatano.

Hapa hakuna anayebishia bei, kwa hiyo usipoteze ukurasa kueleza mkataba ni nini. Hoja ni moja: je, ofa ilifutwa kabla haijakubaliwa? Sasa taja Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, vifungu vya 4 na 5. Kukubali kunambana mtoa ofa mara barua inapotumwa. Kufuta hakumbani mpokeaji mpaka ajue. Kesi ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven ya 1880 inafanana kabisa.

Kisha rudi kwenye tarehe, maana wengi hupaacha hapa: Asha alituma Jumatatu, habari ya kufuta akaipata Jumatano, basi mkataba upo. Halafu mshauri yule uliyeambiwa umshauri. Kama ni Juma, mwambie wazi kuwa amebanwa.