Maswali ya Tisheti: Hakuna Matata na Dinosaria wa Lindi

"Nimepata picha nzuri Google. Nikiichapa kwenye kikombe kuna tatizo?" (Nachingwea)

Lipo. Google inakuonyesha picha ilipo, haikupi ruhusa ya kuiuza. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na nawaomba msome majibu ya nyuma kabla ya kutuma.

"Nikibadilisha asilimia 30 ya mchoro si unakuwa wangu?" (Mtwara)

Hakuna sheria ya namna hiyo. Aliyeanzisha uongo huu amewaponza vijana wengi. Kinachoangaliwa ni kama ulichochukua ndicho kiini cha kazi ya mwenzako. Mchoro wa George Lilanga, Mmakonde wetu, ukiubadilisha rangi bado ni wa Lilanga. Alifariki mwaka 2005, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 kazi ya msanii inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2055. Warithi wapo. Nenda ukaombe ruhusa, au chora chako.

"Nataka kuweka 'Hakuna Matata' kwenye tisheti niuze Marekani kwa mtandao. Kiswahili ni chetu, nani atanizuia?" (Masasi)

Disney. Waliomba kusajili maneno hayo kama alama ya biashara kwa nguo mwaka 1994, usajili ukatoka 2003. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kuupinga usajili huo, na mimi niko upande wao, lakini hasira zetu hazitafungua akaunti yako ikifungwa.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Hakimiliki inalinda mchoro, picha au wimbo, na maneno mawili ya kila siku hayana hakimiliki. Alama ya biashara ni jambo jingine: inafungia neno kwenye aina fulani ya bidhaa, katika nchi ilikosajiliwa. Kwa hiyo neno unaloweza kulisema bure kutwa nzima linaweza kukuletea barua ukilichapa kifuani.

Kabla hujachora chochote cha kuuza Marekani, fungua tmsearch.uspto.gov, andika maneno yako, kisha tazama vitu viwili. Kwanza hali: LIVE ni hai, DEAD imekwisha. Pili daraja: 025 ni nguo, 021 ina vikombe. Ukiona LIVE na 025 pamoja, achana na maneno hayo kwenye tisheti. Kwa soko la hapa nyumbani, alama za biashara husajiliwa BRELA, wakati hakimiliki iko COSOTA. Msiende ofisi moja kuuliza mambo ya nyingine.

"Huku kila mtu anachapa korosho, Simba na Yanga. Nitapata wapi wateja wangu?" (Lindi)

Nembo za klabu ni mali ya klabu, ziacheni. Korosho haina mwenyewe, ila imejaa.

Wewe uko Lindi na unaniuliza mimi! Kilima cha Tendaguru kiko mkoani kwako. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, na wazee wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Giraffatitan, dinosaria wa pale aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wapenzi wa dinosaria wako dunia nzima, wananunua zawadi mwaka mzima, na wengi wao wanalijua jina Tendaguru kuliko jirani zako.

Mimi ningeanza na Kentrosaurus, wa hapohapo, kwa kuwa hachorwi sana. Mfupa wa kale hauna hakimiliki, lakini picha aliyoupiga mtu inayo, na mchoro wa msanii anayekisia ngozi yake unao pia. Basi tazama picha nyingi za mifupa ujifunze umbo, ziweke pembeni, uchore kwa mkono wako. Usipitishe kalamu juu ya mchoro wa mtu. Na uwe makini: shingoni na mgongoni mbele ana vibamba, kuelekea mkiani vinakuwa miiba mirefu. Ukikosea hapo, mteja wa aina hii ataona mara moja na hatanunua.

Chini andika "Tendaguru, Lindi". Kwenye maneno ya utafutaji weka jina la mnyama na la mahali. Usiweke jina la filamu yoyote ya dinosaria ili kuvuta watu, kwa sababu hata jina lililofichwa kwenye maneno ya utafutaji linatosha bidhaa yako kuondolewa dukani.

"Nimechapa tisheti ya pamba kwa wino wa vikombe, rangi imefifia baada ya kufua. Mashine mbovu?" (Newala)

Mashine ni nzima. Wino huo, yaani wa sablimesheni, unashika kwenye poliesta na kwenye vikombe vilivyopakwa utando wake tu. Kwa pamba tumia DTF, yaani kuchapa kwenye filamu kisha kuihamishia kwenye nguo kwa joto, na umrudishie mteja pesa yake.